Pafyumu, o de twaleti au bodi sprei: hesabu ya kinachobaki kwenye ngozi

Chupa tatu zimewekwa mezani. Zote zina jina moja na rangi zinazofanana, na ukizinusa kwenye kifuniko zinakaribiana. Ya kwanza ni ndogo na imeandikwa EDP, yaani o de pafyumu, ya pili ina EDT, yaani o de twaleti, ya tatu ni chupa ndefu ya bodi sprei. Mnunuzi huuliza ipi ni kali zaidi, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu ukali wa dakika ya kwanza haukuambii lolote kuhusu saa ya nne, wala kuhusu hali ya ngozi yako wiki ijayo.

Makala haya yanazilinganisha kwa mambo matatu: kiasi cha mafuta ya harufu kilichomo, muda ambao harufu hudumu, na namna kila moja inavyopatana na ngozi. Neno pafyumu hapa lina maana ya aina iliyokolea, yaani chupa zenye herufi EDP pamoja na ile nzito zaidi inayoitwa pafyumu halisi. Manukato ni jina la zote kwa jumla.

Kabla ya kulinganisha: asilimia inasema nini

Karibu kila manukato ya kupuliza ni mchanganyiko wa vitu vitatu: mafuta ya harufu, alkoholi na maji kidogo. Alkoholi ni ya kubeba tu. Ikishatua kwenye ngozi huruka ndani ya dakika moja au mbili na kuyaacha mafuta nyuma. Ukolevu ni sehemu ya mafuta hayo ndani ya mchanganyiko, na kwa kawaida viwango huwa hivi:

- Pafyumu halisi: asilimia 20 hadi 30, mara nyingine zaidi
- EDP: asilimia 15 hadi 20
- O de twaleti, yaani EDT: asilimia 5 hadi 15
- Bodi sprei: asilimia 1 hadi 3

Hii ni desturi ya watengenezaji. Hakuna sheria moja ya dunia nzima inayomlazimisha mtu kufikisha asilimia fulani kabla ya kuandika EDP. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja ya manukato unaweza kutarajia EDP iwe na mafuta mengi kuliko EDT yenye jina hilohilo, lakini EDT ya mtengenezaji mmoja inaweza kuizidi EDP ya mwingine.

Kuna namba moja inayowapotosha wengi. Chini ya chupa au kwenye boksi utakuta 80% vol. Hicho ni kiasi cha alkoholi. Hakihusiani na ukolevu wa harufu, na chupa yenye namba kubwa zaidi hapo si kali zaidi.

Kwa nini kuongeza mipulizo hakuongezi muda sana

Hili ndilo jambo ambalo likieleweka, uchaguzi unakuwa rahisi. Mafuta ya harufu si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa viungo kadhaa, pengine makumi, na kila kimoja huruka hewani kwa kasi yake. Vya machungwa, ndimu na bergamoti ni vyepesi, huondoka ndani ya dakika 15 hadi 30. Vya maua na viungo vya chakula hukaa saa chache. Vanila, miski, sandali, ambari na pachuli ni vizito, na hivyo ndivyo unavyovikuta kwenye kola ya shati kesho yake.

Sasa chukulia kiungo ambacho kiasi chake kwenye ngozi hupungua nusu kila saa. Umepuliza mara 3 na umeacha kukisikia baada ya saa 5. Ukipuliza mara 6, yaani maradufu, utakisikia kwa saa 6. Umeongeza saa moja tu, kwa sababu baada ya saa ya kwanza umerudi palepale ulipokuwa ukianza na mipulizo 3. Anayejimwagia nusu chupa ya harufu nyepesi asubuhi anawachosha walio karibu naye kwa saa ya kwanza, na mchana hana kitu.

Kinachorefusha muda ni uzito wa viungo vilivyomo. EDP mara nyingi hudumu zaidi ya EDT ya jina hilohilo kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: mafuta ni mengi, na mtengenezaji ameongeza sehemu ya viungo vizito huku akipunguza vyepesi. Ndiyo maana zikiwekwa bega kwa bega hazinuki sawasawa. Moja si nyenzake iliyotiwa maji. Kwa hiyo ukipenda EDT fulani, usinunue EDP yake bila kuijaribu ukidhani utapata harufu ileile ya muda mrefu zaidi.

Pafyumu

*Mafuta ya harufu.* Pampu ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1 kwa mpulizo. Kwa EDP yenye asilimia 18, mipulizo 3 inaacha mililita 0.054 za mafuta kwenye ngozi, sawa na tone moja la maji na ushei. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa pua ni kingi.

*Muda.* Kwa kawaida saa 6 hadi 8 kwenye ngozi, na zaidi kwenye nguo. Pafyumu nzito ya udi au ambari huvuka hapo bila shida. EDP iliyojengwa juu ya machungwa inaweza kukuacha baada ya saa 3, hata kama boksi lina herufi zilezile.

*Ngozi.* Hapa sifa na kasoro zinatoka sehemu moja. Unahitaji mipulizo michache, hivyo alkoholi inayogusa ngozi ni ndogo. Lakini kila sentimita ya mraba inapokea mafuta mengi, na uwezekano wa kupata mzio wa harufu unategemea sana kipimo kwa eneo. Mtu anayeshika chupa sentimita 3 kutoka shingoni anaangusha mpulizo wote kwenye duara la ukubwa wa sarafu. Akiirudisha nyuma hadi sentimita 15, kipimo kilekile kinasambaa kwenye eneo la kiganja. Pafyumu inayopulizwa kila siku palepale nyuma ya sikio, kwa karibu, ndiyo inayozaa ule wekundu wa magamba ambao mtu huuita fangasi na kuupaka dawa isiyohusika.

Inamfaa anayetaka kupuliza mara moja na kuisahau, na mwenye ngozi isiyo na historia ya mzio. Haimfai anayekaa siku nzima kwenye chumba kidogo na watu wengine, hasa kama hajui kujizuia.

O de twaleti

*Mafuta ya harufu.* Kwa EDT yenye asilimia 10, mipulizo 5 inatoa mililita 0.05 za mafuta, karibu sawa na ile mipulizo 3 ya EDP. Tofauti ni kwamba mililita 0.5 za kimiminika zimegusa ngozi badala ya 0.3, na sehemu kubwa ya hicho ni alkoholi.

*Muda.* Saa 3 hadi 5. Viungo vyepesi huwa vingi, kwa hiyo dakika 20 za mwanzo ndizo zenye uchangamfu mkubwa. Wanaoipenda EDT wanazipenda dakika hizo, na kurudia kupuliza mchana kwao si usumbufu, ni kuzianza upya. Kichupa kidogo cha kujazia cha mililita 5 kina mipulizo kama 50.

*Ngozi.* Mafuta kwa eneo ni machache, jambo linalosaidia. Alkoholi ni nyingi zaidi, na inakausha. Kwenye ngozi kavu au iliyonyolewa saa hiyohiyo utasikia mwako. Mwako huo si mzio, ni muwasho wa kawaida, na dawa yake ni kungoja ngozi itulie au kupuliza pengine.

Tatizo ambalo EDT hulileta kuliko wenzake ni jua. Mafuta ya bergamoti yaliyokamuliwa kwenye ganda, na ya ndimu pia, yana viambato vinavyoamshwa na mwanga wa jua na kuichoma ngozi. Alama yake inajulikana: mistari ya kahawia shingoni inayofuata njia ambayo tone lilitiririka, inayochukua miezi kufifia. Watengenezaji makini hutumia bergamoti iliyoondolewa viambato hivyo au huiweka kwa kiasi kidogo sana. Mchanganyiko wa kienyeji au chupa isiyo na orodha ya viambato haikupi uhakika huo. Ukiwa na EDT ya machungwa na siku ya kukaa juani, puliza kifuani chini ya nguo.

Inamfaa mtu wa ofisini, mpenda harufu safi na nyepesi, na yule asiyejali kurudia mara moja kwa siku.

Bodi sprei

Kwanza tuzitenganishe, kwa sababu jina hili hubeba vitu viwili. Kuna chupa ya pampu yenye kimiminika chepesi, na kuna mkebe wenye gesi ya kusukuma kama butani na propani. Na hakuna hata mmoja kati ya hivyo ambao ni lazima uwe dawa ya kuzuia jasho. Kuzuia jasho ni kazi ya chumvi za alumini. Kama hazipo kwenye orodha ya viambato, ulichonacho ni harufu tu, na jasho litakuja kama kawaida na kuchanganyika nayo.

*Mafuta ya harufu.* Kwa asilimia 2, ili ufikie zile mililita 0.05 za mafuta unahitaji mililita 2.5 za bodi sprei, nusu ya kijiko cha chai. Kwa pampu ya mililita 0.1 hiyo ni mipulizo 25. Hata pampu ikiwa kubwa maradufu, bado ni 12 au 13.

*Muda.* Saa 1 hadi 2. Hata ukifika mipulizo 25, hutapata saa za EDP, kwa sababu ileile ya viungo vyepesi.

*Ngozi.* Hapa kuna dhana inayohitaji kurekebishwa: kwamba bodi sprei ni salama zaidi kwa sababu ni dhaifu. Kwa eneo dogo na mpulizo mmoja, kweli. Lakini haitumiwi hivyo. Hupulizwa mwili mzima, mara kadhaa kwa siku, na mara nyingi kwapani, mahali ambapo ngozi ni nyembamba, imenyolewa, ina unyevu na inasuguana. Ngozi iliyochubuka na kufunikwa hupitisha viambato kwa urahisi. Na kwa mtu ambaye tayari ana mzio wa kiungo fulani, asilimia 2 inatosha kabisa kumwasha. Kupunguza ukolevu kunasaidia kuzuia mzio usianze. Ukishaanza, kinachosaidia ni kuepuka kiungo chenyewe.

Mkebe wa gesi una la ziada. Gesi ikitoka inapoa sana, na ukiushika karibu na ngozi huku umebonyeza kwa sekunde nyingi, unaweza kupata jeraha la baridi linalofanana na la moto. Sentimita 15, sekunde 2, basi. Gesi hizo pia hushika moto, kwa hiyo usipulize karibu na jiko au kiberiti, na usiuache mkebe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mwenye pumu atakuwa salama zaidi na chupa ya pampu kuliko ukungu wa mkebe.

Inamfaa anayetoka kuoga au mazoezini na anataka wepesi wa saa moja, kijana anayeanza kujua harufu anazozipenda, na yeyote anayependa kubadili harufu mara kwa mara.

Siku moja, kwa vipimo

Tuchukue mtu anayetoka nyumbani saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni: saa 10. Ana ngozi kavu, na harufu humtoka haraka, maana mafuta ya asili ya ngozi ndiyo husaidia kuzuia viungo visiruke.

Akiwa na EDP, anapaka losheni isiyo na harufu kifuani na kwenye vikunjo vya viwiko, anasubiri dakika 5, kisha anapuliza mara 3 kutoka sentimita 15: moja kifuani, mbili mikononi. Hasugui. Kusugua hakuvunji kitu chochote kama inavyosemwa, ila joto lake huvirusha haraka viungo vyepesi vya mwanzo na sehemu ya mafuta hufutika. Harufu inamfikisha saa 8 au 9 alasiri, na mabaki yako kwenye shati hadi jioni. Chupa ya mililita 50 itamchukua siku kama 166.

Akiwa na EDT, anapuliza mara 5 asubuhi na mara 2 saa 6 mchana. Ni mililita 0.7 kwa siku, na chupa ya mililita 100 inamchukua siku kama 140.

Akiwa na bodi sprei na anataka kunukia siku nzima, hata akijibana kwa mililita 1 kila mara, atarudia mara 5 au 6. Chupa ya mililita 150 inakwisha ndani ya siku 25 hadi 30, na ngozi yake kavu imeoshwa na alkoholi mara 6 kila siku. Kwa kazi hii bodi sprei inafanyishwa isichotengenezewa.

Kipimo cha muda kisifanywe na pua ya mwenyewe. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo, pengine ndani ya nusu saa, na mtu huamini imekwisha wakati wenzake bado wanaisikia mita moja mbali. Mwombe mtu mwingine anuse mkono wako baada ya saa 4, au toka nje kwa dakika 10 kisha unuse nguo uliyoipuliza na kuiacha chumbani. Nguo nayo ina masharti: hariri na kitambaa cheupe huweza kubaki na doa, hasa kwa manukato yenye vanila nyingi.

Kuijaribu ngozi kabla ya kununua chupa kubwa

Mpulizo mmoja dukani hauonyeshi mzio. Mzio hujitokeza kati ya saa 24 na 72 baadaye, na unaweza kuhitaji kuguswa mara kadhaa. Omba sampuli ndogo. Chagua eneo la sentimita 5 kwa 5 upande wa ndani wa mkono, karibu na kikunjo cha kiwiko, na ulipulizie mara 2 kwa siku kwa siku 7, palepale. Usilisugue na usilifunike. Ukiona wekundu wenye muwasho, vipele vidogo au magamba, acha, osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu, na usirudie. Mwako wa sekunde chache unaokwisha wenyewe ni alkoholi.

Kwenye orodha ya viambato tafuta limonini na linaloli, ambayo huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza lakini utayatambua. Yakiwa mapya hayasumbui sana. Yakikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika kuwa viambato vinavyoamsha mzio kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo chupa iliyobaki robo na kukaa miaka kwenye dirisha la bafu ni hatari zaidi kwa ngozi kuliko ilivyokuwa siku ya kufunguliwa. Harufu ya mwanzo ikiwa chachu au kama ya mafuta yaliyoharibika, itupe. Kubadilika rangi peke yake hakutoshi kuihukumu, maana vanila hulifanya manukato kuwa ya kahawia bila kuyaharibu. Hifadhi chupa kabatini, kwenye giza na ubaridi.

Kwa hali yako

Ukiwa na saa nyingi mbali na nyumbani na hupendi kubeba chupa, chukua EDP yenye viungo vizito, mipulizo 2 au 3. Ukifanya kazi bega kwa bega na watu au mahali pasipo na hewa ya kutosha, EDT, mipulizo 2 chini ya nguo. Baada ya mazoezi, oga kwanza, kisha bodi sprei ya pampu kifuani na mgongoni, na kwapani tumia dawa ya jasho isiyo na harufu.

Kama ngozi ni kavu lakini haina mzio, EDP juu ya losheni ni bora kuliko EDT ya kurudia. Kama umenyoa leo, usipulize hapo mpaka kesho. Kama unatoka juani na harufu yako ni ya machungwa, iwe chini ya nguo au isubiri jioni.

Na kama umewahi kupata ukurutu kutokana na manukato, sabuni ya harufu au losheni, usichague kati ya hizi tatu kwa ukolevu. Nenda kwa daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha vibandiko mgongoni, ujue ni kiungo gani, kisha soma orodha kwenye boksi. Kabla ya hapo, puliza kwenye koti au mtandio usiogusa ngozi, uuache ukauke kabisa kabla ya kuvaa.